Mradi niliouongoza miezi 11 ulikufa wikendi moja. Naweka hapa nilichokiona

KalamuBluu (mwenye uzi)

Wakuu, habari za mchana. Jambo hili nimekaa nalo miezi mitano, leo nimeamua kuliandika.

Niliongoza mradi wa kuhamisha kumbukumbu za ghala la vipuri kutoka programu ya zamani kwenda mfumo mpya. Ulipangwa miezi 7, ukavutika hadi 11, kisha ukafa Ijumaa hadi Jumatatu. Wiki tatu baadaye uongozi ukaufunga. Kampuni siitaji, wala wenzangu siwataji. Si woga. Nilipokuwa naandika ripoti ya kufunga mradi niligundua kitu: kila nilipofika kwenye jina la mtu, niliacha kuuliza maswali. Jina likishaandikwa, unahisi umepata jibu, kumbe bado.

Ghala lile lina bidhaa 18,400. Kilichotuangusha ni neno moja, kipimo. Programu ya zamani ilimruhusu mtu aandike kipimo anavyotaka. Kwa miaka mingi watu wakaandika "bx", "BOX", "boksi", "kat", "dz", "pc", au wakaacha tupu. Watunza ghala hawakusumbuka, walijua kwa kichwa kipi kinahesabiwa kwa boksi na kipi kwa kipande. Mfumo mpya hauna kichwa hicho. Unataka kila idadi iingie kwa vipande, na uambiwe boksi moja lina vipande vingapi.

Majaribio tulifanya kwa bidhaa 500. Ni mimi niliyesema tuanze na zile safi tuone kama njia inapitika, na kwa wakati ule lilikuwa wazo la maana. Kosa ni kwamba hatukurudi kuchukua zile chafu. Zile 500 ziliingia kwa dakika 4, nami nikachukua kalamu nikazidisha: bidhaa zote ni kama mara 37 ya hizo, kwa hiyo saa mbili na nusu. Nikaliandika hilo kwenye mpango kazi na hakuna aliyelipinga, maana hesabu ilikuwa sahihi. Ila kila bidhaa ilikuwa na historia yake ya kuingia na kutoka ya miaka mitatu, mistari zaidi ya laki sita, na hiyo haikuwemo kwenye jaribio. Siku yenyewe upakiaji ulichukua saa 9.

Ijumaa saa mbili usiku tukaanza, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ukaisha. Bidhaa 2,960 zimekataliwa. Tukakaa asubuhi nzima tukirekebisha, tukapakia upya kuanzia saa nne, ukaisha saa moja usiku. Safari hii zilizokataliwa zilikuwa chache, chumba kizima kikashusha pumzi.

Ndipo mtunza ghala mmoja, bila kuagizwa na mtu, akachukua karatasi yenye bidhaa 20 akashuka nayo ghalani. Taa za upande ule zilishazimwa, akawasha tochi ya simu. Nikamfuata. Akasimama mbele ya rafu ya bolti, akatazama skrini ya laptopu niliyoishika, akaniambia taratibu: "Bosi, hapa panaonyesha arobaini na nane. Ni kweli ni arobaini na nane. Lakini ni boksi." Kila boksi lina bolti 100. Mfumo ulikuwa umeingiza bolti 48 mahali penye bolti 4,800, na haukulalamika hata kidogo. Katika zile 20, saba zilikuwa hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile 2,960 zilizokataliwa zilikuwa zimetusaidia, kwa sababu zilipiga kelele. Zilizotuua ni zilizopita kimya.

Jumapili nzima tulihangaika. Uamuzi wa kurudi kwenye programu ya zamani niliutoa saa sita usiku, na ghala hufunguliwa saa moja asubuhi. Bakapu tulikuwa nayo ya Ijumaa, ila hatukuwahi kupima kuirejesha kunachukua muda gani. Ilichukua saa sita, na kuhakiki tulikokupangia saa mbili kukavuka hapo. Ghala likafunguliwa saa tano, madereva wamepanga foleni tangu alfajiri.

Nina mengine mawili, nitayaandika chini nikijibu maswali. Karibuni.

---

MzeeWaStoo

Nimekusoma, kijana wangu. Miaka 26 nimekaa stoo, na hilo la 48 nimeliona mara tatu, kwenye sehemu tatu tofauti. Naomba nikuulize: huyo mtunza ghala wa tochi, kabla ya siku hiyo aliwahi kukaa kwenye kikao chenu hata kimoja?

---

KalamuBluu

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe, na hili ndilo lile la kwanza kati ya yale mawili.

Aliwahi. Mwezi wa nne alikuja kwenye kikao, akasema vipimo kwenye programu ya zamani havilingani. Tukaandika. Kwenye daftari la vihatarishi lilikuwa mstari wa 14, rangi ya njano. Upande wa hatua nikaandika kwa mkono wangu: "Itashughulikiwa wakati wa majaribio." Haikuwekwa tarehe wala mtu wa kulishika. Miezi saba mstari ule ulikaa njano, kila kikao tukiupita. Kikao cha mwezi wa tisa tulitumia kama dakika mbili kwenye daftari zima, na muhtasari ninao.

Kwa hiyo siwezi kusema hatukujua. Tulijua, tukaandika, na kwa kuwa tulishaandika tukajiona tumefanya kazi.

---

Bahari_Saba

Pole sana mkuu. Mimi nina mkandarasi ananijengea ukumbi, kila wiki ananiambia amefika asilimia 90, mwezi wa tatu sasa. Huyu wa kwako ulimfukuza kwa utaratibu gani? Unampa barua kwanza au unamwita?

---

KalamuBluu

Ndugu yangu, sikumfukuza mtu, labda hukusoma hadi mwisho. Lakini hiyo asilimia 90 umenikumbusha, nayo ndiyo ya pili.

Ripoti zangu kwa uongozi zilisema asilimia 90 kwa wiki sita mfululizo. Haukuwa uongo. Tuliorodhesha kazi 120, zimekamilika 108, gawanya, asilimia 90. Ila zile 108 zilikuwa za aina ya "sanidi seva", "andika mwongozo", "fundisha kundi la kwanza". Kati ya 12 zilizobaki, mojawapo iliitwa "hamisha data". Hiyo nayo ilihesabiwa kazi moja sawa na kuandika mwongozo, wakati ndiyo iliyokuwa mradi wenyewe.

Kwa ukumbi wako sijui ujenzi, lakini ningemuuliza swali jingine: kipi leo kinaweza kutumika ambacho wiki iliyopita hakikuweza? Akikujibu kwa asilimia, umepata jibu lako.

---

DadaMkaguzi

Samahani, mimi nitakuwa mkali kidogo. Uzi mzuri, lakini hii lugha ya "bila kulaumu" naiona kwenye ripoti nyingi na mara nyingi ni pazia. Unasoma "majaribio hayakufanyika", "hatua haikuchukuliwa", "makosa yalijitokeza". Makosa yanajitokeza yenyewe kama uyoga? Kiswahili chetu kinaturuhusu kumficha mtenda vizuri kabisa, ongeza tu -wa mwishoni mwa kitenzi. Pasipo na jina hapana uwajibikaji.

Na la kitaalamu: sampuli ya 20 kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye rafu ni nusu ya kazi. Unachukua 20 kutoka kwenye mfumo ukazitafute rafuni, kisha 20 nyingine unazianzia rafuni ukazitafute kwenye mfumo. Ya kwanza inakamata kilichoandikwa vibaya au kisichokuwepo. Ya pili inakamata kilichopo na hakikuandikwa. Ninyi mlifanya upande mmoja, tena kwa hisani ya mtu mmoja mwenye tochi.

---

KalamuBluu

Dada, upande wa pili wa sampuli hatukuufanya kabisa, nakubali. Sijui hata tungekuta nini.

Kuhusu lugha, nikuonyeshe nilivyohangaika, maana sentensi hii moja niliiandika mara tatu.

Mara ya kwanza: "Timu ya data haikufanya majaribio kamili." Ni kweli, lakini msomaji anaondoka akiamini timu ilikuwa zembe, na mwakani atatafuta timu nyingine afanye mradi vilevile.

Mara ya pili: "Majaribio kamili hayakufanyika." Hapa ndipo kwenye uyoga wako. Hapana mtu, hapana sababu.

Mara ya tatu: "Majaribio yalifanywa kwa bidhaa 500 kwa sababu seva ya majaribio haikuwa na nafasi ya historia yote. Mwezi wa sita meneja wa mradi aliambiwa hivyo, akaamua kutoomba seva kubwa zaidi ili asichelewe kwa kusubiri kibali." Hapo pana mtenda, pana sababu, na pana kile alichokijua siku ile. Mtenda ni mimi. Angekuwa mwingine ningeandika cheo chake na alichokuwa anakiona siku hiyo, lakini ningempa asome kabla sijaituma.

---

DadaMkaguzi

Ya tatu naikubali. Bado nasema kuna kesi ambapo mtu alionywa mara tatu akapuuza, na cheo peke yake hakitoshi.

---

KalamuBluu

Zipo, nakubali. Hizo ni za idara ya rasilimali watu, zina faili lake. Nikizichanganya na ripoti hii, mradi unaofuata hakuna atakayefungua mdomo mwezi wa nne kuniambia vipimo havilingani.

---

DadaMkaguzi

Hapo hatutaelewana, lakini sawa.

---

FundiMsimbo

Nimehamisha data mara nyingi, naona aibu kidogo kwa niaba ya fani yetu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya mpango kazi, mtu angeandika hii:

```sql
SELECT kipimo, COUNT(*) AS idadi
FROM bidhaa
GROUP BY kipimo
ORDER BY idadi DESC;
```

Haizidi dakika moja. Inakuonyesha kila namna kipimo kilivyoandikwa na mara ngapi. Ungeona uchafu wote mezani.

---

KalamuBluu

Tuliiandika, mkuu. Wiki moja baada ya msiba. Ilirudisha namna 61 za kuandika kipimo, na bidhaa zaidi ya 2,300 zilikuwa tupu. Nilibaki naikodolea macho ile orodha.

Niongeze kwamba vijana waliokuwa wakiandika programu ya kupakia hawakuwa na ruhusa ya kusoma hifadhidata halisi hadi mwezi wa nane. Walikuwa wakipewa faili lililosafishwa. Kibali kilikuwa cha kuombwa na mimi. Ndiyo maana nasema ukiandika "timu ya data haikuangalia", umesema kweli na umepotosha kwa pamoja.

---

MzeeWaStoo

Fundi, hiyo amri yako ni nzuri lakini isingeiokoa ile 48. Itakuonyesha palipoandikwa "bx" na palipo tupu. Je, palipoandikwa "pc", yaani vipande, na mtu anahesabu kwa boksi? Kwenye kompyuta kila kitu kimenyooka. Nimeona stoo ambako mtu alipokea vipande, akaandika vipande, miaka miwili baadaye muuzaji akaanza kuleta kwa boksi, yeye akaendelea kujumlisha palepale. Namba moja, ndani yake mna vipande na maboksi yamechanganyika. Hakuna amri itakayokutenganishia. Unapanda ngazi unahesabu.

---

FundiMsimbo

Mzee, hapo umenifunga. Nakubali. Ila kuna njia ya kuotea: linganisha idadi iliyopo na kasi ya kutoka. Bidhaa inayotoka 300 kwa wiki na stoku inasema 48, na hakuna aliyelalamika kuishiwa, hiyo ishangae. Haithibitishi kitu, lakini inakuambia uanzie rafu ipi.

---

MzeeWaStoo

Hiyo nimeipenda. Sisi tulikuwa tunaiita kunusa.

---

Mpambanaji_Jr

Kwa maoni yangu shida ni watu wachache. Mradi ukichelewa ongeza watu, ufanye kazi zamu mbili. Ungeongeza kumi mwezi wa saba ungemaliza.

---

KalamuBluu

Tuliongeza wawili mwezi wa nane. Wiki tatu za kwanza aliyekuwa akiwafundisha ni yuleyule mtu mmoja aliyeijua programu ya zamani, kwa hiyo naye akaacha kazi yake. Tukawa nyuma zaidi.

Lakini sikukatalii yote. Kuhesabu rafu ni kazi ya kugawika. Mtu anafundishwa nusu saa, anapewa safu yake, anahesabu. Pale watu kumi wangetufaa sana, na hatukuwahi kuwaomba kwa sababu kuhesabu hakukuwa kwenye orodha ya kazi 120. Tuliongeza watu mahali pasipoongezeka watu, tukaacha mahali panapoongezeka.

---

Nahodha_K

Nimesoma kimya hadi hapa. Mimi jambo linaloniuma ni saa sita usiku. Kwa nini si mapema? Mlijua tangu Jumamosi usiku kwamba 7 kati ya 20 ni mbovu. Theluthi nzima.

---

KalamuBluu

Swali hili nililikwepa kwenye ripoti ya kwanza.

Ukihesabu kurudi nyuma ni rahisi. Kufungua ni saa moja asubuhi. Ondoa saa 6 za kurejesha bakapu, ondoa saa 2 za kuhakiki, acha saa 2 za dharura. Unapata saa tatu usiku Jumapili. Baada ya hapo huna tena uamuzi, una bahati tu. Hesabu hiyo ingepaswa kuwa ukutani tangu Ijumaa. Haikuwepo kwa sababu zile saa 6 hatukuzijua, na hatukuzijua kwa sababu hatukuwahi kufanya zoezi la kurejesha.

Ila nikiwa mkweli, hata zingekuwepo sina hakika ningesema "turudi" saa tatu. Jumapili saa tatu usiku tulikuwa tumebakiza bidhaa 400 za kurekebisha kwa makisio yetu. Watu hawajalala. Mtu anakuja anakuambia "bosi, saa moja tu." Ukitazama nyuso zile, kusema hapana ni kama kuwatukana. Nikatoa saa moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Sasa hivi nadhani uamuzi huo haufai kuwa wa mtu aliyekesha nao chumbani. Angeushika mtu wa nje ya mradi, aliyelala nyumbani, anayepigiwa simu saa tatu kamili na kuulizwa swali moja: sampuli imepita au haijapita?

---

Nahodha_K

Hilo la mtu wa nje nililiona mahali likafanya kazi, ila tu kama anaruhusiwa kweli kusema hapana. Kwetu alikuwepo, na kila mtu alijua bosi mkubwa ameshatangaza tarehe.

Inanikumbusha benki ya TSB ya Uingereza, Aprili 2018. Walihamisha wateja takriban milioni 5 wikendi moja kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo wa kampuni mama yao wakati ule, Sabadell. Watu hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Uchunguzi huru uliotoka 2019 ulionyesha kwamba tarehe iliwekwa kwanza, kazi ikapangwa kurudi nyuma kutoka hapo. Na jingine linalofanana na bidhaa 500 zako: walikuwa na vituo viwili vya data, majaribio ya kupima uwezo wakayafanya kwenye kimoja tu.

---

KalamuBluu

Hilo la vituo viwili nilikuwa silijui. Yaani hata wakubwa hujaribu panapopitika.

---

FundiMsimbo

Mwenye uzi, niseme jambo usikasirike. Nimehesabu. Kwenye majibu yako karibu kila kosa ni "mimi", "mkono wangu", "kibali changu". Ni uungwana, lakini nako ni kumtaja mtu, umejitaja wewe tu. Umesema mwenyewe jina likishaandikwa maswali yanaisha. Je, angekuwa meneja mwingine pale, kibali cha seva kingetoka kwa siku mbili?

---

KalamuBluu

Sikasiriki. Nimekaa na simu mkononi dakika kumi nikitafuta cha kukujibu.

Kisingetoka. Kibali cha vifaa kilikuwa kinachukua wiki sita kwa kila mtu, na mameneja wawili kabla yangu walishaacha kuomba. Nilipofika niliambiwa kwa nia njema, "usipoteze muda huko." Hilo halimo kwenye ripoti yangu. Niliona likiingia litaonekana ninajitetea. Kumbe anayenifuata atakuta mlango uleule umefungwa, naye ataambiwa hivyohivyo.

Nitaomba niiongeze kama kiambatisho. Sijui kama wataipokea, ripoti imeshafungwa.

---

DadaMkaguzi

Iombe kwa maandishi. Hata wakikataa, barua ya kukataa inabaki kwenye faili.

---

Bahari_Saba

Jamani mrejesho. Nimemuuliza mkandarasi kipi kinatumika leo ambacho wiki jana hakikutumika. Amenyamaza, halafu akasema choo. Nimekwenda kuangalia, hakina maji.

---

MzeeWaStoo

Bahari umenichekesha.

Kalamu, nina swali la mwisho nikalale. Mlirudi kwenye programu ya zamani. Zile bolti, huko zimeandikwaje sasa hivi?

---

KalamuBluu

Mzee, nilipita juzi kumsalimia yule wa tochi. Zimepungua, zimebaki 31. Kipimo bado ni "pc". Nikamuuliza kwa nini hakirekebishi sasa ambapo sote tunajua, akanionyesha kiboksi cha kipimo kwenye skrini. Ni cha kijivu. Walikifunga wikendi ile ili mtu asibadilishe chochote wakati wa kuhamisha, na hakuna aliyekumbuka kukifungua. Ameshaandika ombi. Amebandika na karatasi kwenye rafu, kalamu ya wino mzito: HIZI NI BOKSI.